Unataka Nini Hasa? Mwongozo wa Kujihoji Kabla Hujaanza Kutafuta Mchumba

Muulize mtu yeyote wa Mombasa aliye peke yake anataka nini, naye atakutajia sifa za mtu. Anataka mwanamume mcha Mungu, mwenye kazi yake, asiye na maneno mengi. Au anataka mwanamke mtulivu, mwenye heshima, asiyeshinda kwenye simu. Mtu wa namna hiyo unaweza kukutana naye kesho pale Mama Ngina, mkala viazi karai mkitazama meli zikiingia Kilindini, mkapendana kwa dhati, na mwaka ukapita hamjui mnakwenda wapi. Sababu ni kwamba hukuwahi kujiuliza unataka kufanya nini na huyo mtu. Kuoana? Kuwa na mwenzi bila haraka ya ndoa? Kupata wa kuzungumza naye baada ya talaka, kila mtu akibaki kwake? Kustarehe kwa muda tu? Hayo ni mambo manne tofauti, na mtu mmoja mwenye sifa zote unazozipenda anaweza kuwa tayari kwa moja tu kati ya hayo.

Kazi ninayoieleza hapa ni ya kabla. Unaifanya ukiwa huna mtu, kabla hujajiunga na programu ya kutafuta wachumba, kabla hujamwomba shangazi akutazamie, kabla hujaanza kujibu salamu za usiku kwenye WhatsApp. Unahitaji daftari, kalamu, simu yako yenye meseji za zamani kama hukuzifuta, na jioni tatu. Jioni hizo zisifuatane. Ukiyafanya yote usiku mmoja utaandika hasira au utaandika upweke, kutegemea siku yako ilivyokwenda, na vyote viwili vinajua kujifanya ndiyo matakwa yako.

Jioni ya kwanza: andika mianzo

Kila mtu anaujua mwisho wa uhusiano wake. Tumeusimulia mara nyingi kwa mashoga na maswahiba mpaka umekuwa hadithi yenye mwongo na mdanganywaji. Tatizo la mwisho ni kwamba unapaka rangi kila kilichotangulia: mtu akikuachia tiki za buluu miezi miwili, utaapa kwamba hakuwahi kukupenda hata siku moja. Kwa hiyo uweke mwisho kando. Uchaguzi wako ulifanyika mwanzoni, katika wiki nne au tano za kwanza, ulipokuwa bado unaweza kuondoka bila kuumia. Huko ndiko utakakoona unachokifuata kwa kweli.

Chukua kila uhusiano uliokuwa na uzito kwako, ukurasa mmoja kwa kila mmoja, ujibu maswali haya matano:

1. Wiki ile tulipoanza, maisha yangu yalikuwaje? Nani alikuwa ameolewa, nani amefariki, kazini kulikuwaje?
2. Nani alianza, na mimi nilifanya nini hasa?
3. Mwezi wa kwanza ulipokwisha, nilijua nini kuhusu anachokitaka yeye, na nilijuaje?
4. Jambo gani nililiona au nililisikia nikalinyamazia?
5. Nilikuwa natoa nini: muda, pesa, kazi za mikono, siri zangu?

Nitatumia mfano niliouunganisha kutoka kwa watu kadhaa ili asijulikane mtu. Mwenzetu huyu ana miaka 29, ni Muislamu, anaishi Kisauni na mamake, na ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Amepita katika mahusiano matatu. Kabla ya kufungua daftari, muhtasari wake ulikuwa mmoja: wanaume wa siku hizi hawataki majukumu.

Wa kwanza alikuwa kijana wa Tudor waliyesoma naye chuo. Walianza kama marafiki, ikawa mazoea. Walipoanza, kijana alikuwa tayari anashughulikia pasipoti na karatasi za kwenda Qatar kufanya kazi ya ulinzi. Mwenzetu alijua. Hata pasipoti alimsindikiza kuichukua. Hakuuliza watakuwaje akishaondoka, kwa kuwa "hatukuwa tumefika huko".

Wa pili alikuwa baba wa watoto wawili, Likoni, aliyesema ameachana na mkewe. Simu za usiku wiki tatu, kisha mapenzi. Mwenzetu akawa anavuka na feri Jumamosi kwenda kuwapikia watoto. Mama wa yule bwana hakuwahi kumwona.

Wa tatu alikuwa mwenzake kazini, Mkristo aliyehamishiwa Mombasa kutoka Nairobi kwa mkataba wa muda. Alikuwa mpole, mchekeshaji, na kwa maelezo yote mtu mzuri. Miezi minane dini haikutajwa hata mara moja. Mama alipojua, mambo yakaisha kwa siku mbili.

Sasa, kumbukumbu hudanganya, na hapa ndipo simu inapofaa. Rudi kwenye meseji za mwezi wa kwanza na kwenye meseji za M-PESA za wakati huo huo. Usisome za mwisho. Utalia bure na jioni itaharibika. Mwenzetu aliamini kwa miaka kwamba bwana wa Likoni alimficha habari za mkewe. Alipozikuta meseji za wiki ya pili, akaona mwenyewe: "Bado hatujamalizana na mama watoto, ila hilo ni jina tu." Na chini yake jibu lake yeye: "Pole jamani," pamoja na kijimoyo. Hakufichwa. Aliambiwa, akajibu kwa huruma mahali palipohitaji swali. Meseji za M-PESA nazo zikatoa habari yake: mwezi wa kwanza tu alikuwa ametuma hela ya unga, ya viatu vya shule na ya dawa, na hakuna hata moja aliyoombwa waziwazi.

Kama meseji umezifuta, muulize rafiki mmoja aliyekuwepo. Muulize swali dogo, "nilikuwa nakwambia nini kumhusu wakati tunaanza?" Usimuulize alimwonaje, maana atakupa hukumu yake na wewe unatafuta maneno yako.

Jioni ya pili: soma kwa upande

Acha siku kadhaa zipite. Kisha fungua kurasa zote pamoja, usome jibu la swali la kwanza kwa kila mtu, halafu la pili kwa kila mtu, mpaka la tano. Ukisoma hadithi moja moja kutoka juu hadi chini utaona watu watatu tofauti. Ukisoma kwa upande utajiona wewe.

Swali la kwanza lilimshangaza mwenzetu. Uhusiano wa pili na wa tatu ulianza katika mfungo mosi, na wenyeji wa Pwani wanajua mwezi huo ulivyo: Ramadhani imekwisha, kadi za harusi zinamiminika, kila wiki kuna kesha na kupaka hina. Mara zote mbili alikuwa ametoka kuwasindikiza binamu zake walio wadogo kwake, na kila shangazi akimwuliza, "Na wewe lini, mwanangu?" Swali la tatu likawa na jibu moja kurasa zote: sijui, sikuuliza. La nne likawa zito kuliko yote, kwa kuwa kila mmoja wa wale wanaume alikuwa na mguu mmoja nje tangu siku ya kwanza, na kila mmoja alisema. Mmoja alikuwa na pasipoti, mmoja ndoa isiyokwisha, mmoja mkataba wa muda na dini nyingine. Na katika la tano, mara zote yeye alianza kuhudumia kabla ya kuombwa.

Hapo watu wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Si kila kinachojirudia ni mwenendo wako. Wote watatu walikuwa warefu. Hiyo ni ladha tu. "Wote walikuwa waongo" ni sentensi kuhusu wao, na hata ikiwa kweli haikupi la kufanya. "Mimi napenda watu wasiofaa" inasikika kama unyenyekevu, lakini nayo haina kazi ndani yake. Ni lawama tu. Kipimo ninachokitumia ni hiki: sentensi ianze na "mimi", iwe na kitendo, na kitendo hicho uweze kukifanya tofauti Jumatatu ijayo. Mwenzetu alifikia mbili. Mimi siulizi swali la ndoa mpaka nimeshazoea. Mimi huanza kuhudumia ili nihitajiwe, kabla sijajua kama natakiwa. Hizo mbili zinatosha. Anayetoka jioni hii na mienendo kumi hajapata hata mmoja.

Kuna mipaka ya zoezi hili. Mahusiano matatu ni machache, na lililotokea mara mbili huenda ni bahati tu. Liandike kwa penseli. Na kama katika mojawapo ulipigwa, ulilazimishwa au ulitishwa, ukurasa huo usiutumie kutafuta ulichokosea. Kosa la kupiga ni la mpigaji. Nchini Kenya namba 1195 ni ya bure kwa mambo hayo, na mazungumzo na mtu aliyesomea kazi hiyo yatangulie daftari lolote.

Je, kama hujawahi kuwa na mtu? Tumia wale uliowapenda kimya kimya, na wale waliokutaka ukakataa. Hasa hao wa pili. Sababu uliyowapa na sababu ya kweli ziandike pembeni pembeni, uone zinatofautiana wapi. Kaka mmoja atasema alimkataa binti kwa sababu "yuko mbali, Mtwapa", na ukweli ni kwamba binti alimuuliza mapema kama ana mpango wa kuoa, naye akaogopa. Hilo lina habari nyingi kuliko uhusiano wa miaka miwili.

Jioni ya tatu: ondoa watazamaji

Hapa unatafuta matakwa yenyewe, na kwetu ni vigumu kwa sababu matakwa yetu yana wenyewe wengi. Mama anataka wajukuu. Jirani anataka habari. Mtaa mzima unataka kuona kadi. Usijaribu kubishana nao kichwani, hutawamaliza. Wape wanachotaka: jiambie mama ameridhika kabisa, hakuna anayeuliza, hakuna picha itakayopigwa na hakuna atakayejua. Kisha andika kuhusu Jumanne moja ya kawaida miaka mitatu ijayo, saa tatu usiku. Uko nyumba gani, mtaa gani? Nani yumo ndani? Nani kapika, nani kalipa kodi, nani amechelewa kurudi, na je, unajali? Mtoto yupo? Unasali wapi, na nani? Simu yako iko mkononi mwako au imegeuzwa kifudifudi?

Nasema Jumanne kwa makusudi. Ukisema "siku moja" akili inakimbilia Ijumaa na Idd, au siku ya arusi yenyewe, na hizo ni siku za watazamaji.

Jumanne ya mwenzetu ilikuwa hivi: nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, Bamburi, wala si kwa mama mkwe. Yeye bado anafanya kazi. Mtoto mmoja amelala. Mume amerudi saa moja, wamekula pamoja, wanabishana kuhusu bili ya maji. Alipomaliza kuandika akaona kitu ambacho orodha yake ya sifa haikuwahi kukisema: jambo analolitaka zaidi ni mtu anayerudi nyumbani kila jioni. Katika mji huu hilo si dogo. Nusu ya wanaume aliowafikiria wanafaa wako Ghuba, au melini, au kazi zao ziko Nairobi na huja mwisho wa mwezi. Ni wanaume wazuri, na kuna wanawake wanaoishi vizuri sana na ndoa za namna hiyo, wengine huzipendelea. Yeye si mmoja wao, na hakuwa anajua.

Baada ya Jumanne, jiulize swali moja gumu zaidi: ninakimbilia kitu, au ninakimbia upweke? Mwaka 2013 mwanasaikolojia Stephanie Spielmann na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wenye hofu kubwa ya kubaki peke yao huelekea kukubali kwa urahisi zaidi mwenzi asiyewafaa sana. Hofu hiyo si aibu. Lakini ujue unayo, kwa sababu ndiyo itakayokushawishi katika wiki ya pili kwamba "hilo ni jina tu". Dalili yake kwenye daftari ni rahisi kuiona: ukisoma Jumanne yako na ndani yake kuna mtu ila huyo mtu hafanyi chochote, hasemi, hachoki, yupo tu kama kiti, basi ulichoandika ni kutokuwa peke yako.

Chana orodha ya sifa, baki na mipaka

Wengi huniletea orodha. Urefu, elimu, tabia, kabila, gari. Mimi huwaambia waichane, na sisemi kwa ukali tu. Mwaka 2008 watafiti Paul Eastwick na Eli Finkel waliwakutanisha watu kwa mazungumzo mafupi mafupi, baada ya kuwauliza kwanza wanapenda sifa zipi. Waliyoyasema mwanzo hayakusaidia sana kutabiri walivutiwa na nani walipoketi ana kwa ana. Kwa hiyo orodha ya sifa haitakulinda. Mtu asiye na hata sifa moja kati ya hizo atakuchekesha ndani ya tuktuk, na orodha utaisahau kabla hamjafika Nyali.

Kinachobaki na nguvu ni mambo yanayoamua kama maisha mawili yanaweza kuunganishwa au la. Ni machache: dini, watoto, mahali pa kuishi, aina ya ndoa, na kama utakubali kuwa mmoja kati ya wengi. Nitayagusa mawili ambayo Mombasa huwaumiza watu zaidi.

La kwanza ni aina ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya Kikristo, ya kiserikali na ya Kihindu ni za mume mmoja na mke mmoja. Ya Kiislamu na ya kimila huruhusu zaidi. Ukisema "nataka ndoa" hujamaliza sentensi. Dada Muislamu anayetaka nikaha na anajua hataki ukewenza, hilo ni lake kulijua na kulisema kabla ya posa, wala si la kugundua mwaka wa tano. Na kama unataka nikaha na wewe ni mwanamke Muislamu, mwanamume asiye Muislamu si swali la kuahirishwa miezi minane. Ama atasilimu kwa imani yake mwenyewe, ama hakuna nikaha. Liongeeni kabla mioyo haijafungamana. Mwenzetu wa Kisauni alipofika hapa aliandika, kwa herufi kubwa, kwamba yule wa tatu hakumkosea lolote.

La pili ni kuishi kinyumba. Watu wengi huhamia kwa mtu kidogo kidogo, mswaki kwanza, kisha nguo, kisha jiko la gesi, na wanadhani miaka ikipita sheria itawahesabu kuwa mke na mume. Usitegemee hilo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema wazi kwamba kudhaniwa kuwa kuna ndoa kwa sababu ya kuishi pamoja ni jambo la nadra, la kukubaliwa katika hali za kipekee tu. Kama kuishi kinyumba ndiko unakokutaka, sawa, ni maisha yako. Ila liwe ndilo ulilolichagua, usijikute ndani yake kwa kuwa kodi ya Mikindani ilipanda.

Kila mpaka uuandike pamoja na kile utakachokifanya wewe. "Asiwe na mke mwingine" ni tamaa. "Nikijua ana mke au talaka haijakamilika, naacha kujibu simu za usiku siku hiyo hiyo" ni mpaka. Ukiona huwezi kuandika nusu ya pili, hilo si mpaka wako; lirudishe kwenye mapendeleo na usijidanganye nalo.

Sentensi moja ya kutamkwa

Sasa kusanya. Sentensi yako iwe na mambo matatu: unataka nini na mtu, kwa muda gani, na nini kitakufanya uondoke. Mwenzetu, baada ya kufutafuta sana, alibaki na hii: "Natafuta mume Muislamu anayeishi na kufanya kazi Mombasa au karibu, tuoane ndani ya mwaka mmoja au miwili tukakae kwetu wenyewe; sitaanza na aliye kwenye ndoa, wala aliye mbioni kuondoka."

Usimwonyeshe mtu karatasi. Itamke kwa sauti mbele ya rafiki mmoja asiye na haraka ya kukushauri, na mwombe asikilize pale utakapolegeza. Kila mtu hulegeza mahali. Mwenzetu alifika kwenye "mwaka mmoja au miwili" akaongeza, "yaani, ikiwezekana, si lazima." Rafiki akamwuliza, "Ikipita mitatu?" Akanyamaza. Palipolegea ndipo utakapolegea mbele ya mtu unayemtaka, kwa hiyo aidha ukubali kwamba kipimo hicho si chako na ukibadilishe, au ukirudie mpaka kitoke bila nyongeza. Yeye alikibakiza, na akaongeza kanuni mbili kutoka kwenye mienendo yake: swali la ndoa ataliuliza kabla ya kukutana mara ya nne, na hatatuma pesa wala kupika nyumbani kwa mtu kabla hajapata jibu.

Kuuliza kwenyewe hakuhitaji ukali. Mkiwa mmekaa, kahawa iko mkononi, inaweza kuwa hivi:

"Kaka, mimi sipendi kupotezeana muda. Nataka kuolewa, na si baada ya miaka mingi. Wewe uko wapi na jambo hilo?"

"Mbona haraka hivyo, dada? Si tujuane kwanza?"

"Tujuane, sawa kabisa. Ila kujuana kwenyewe ni kwa nia ya kuoana, au ni kujuana tu?"

Swali la pili ndilo lenye kazi. Jibu la "kujuana tu" ni jibu la kiungwana, mshukuru. Jibu la "ndoa, na nafikiria mwakani nikimaliza jambo fulani" linakupa kitu cha kufuatilia. Anayekugeuzia mzaha, kisha akakuandikia usiku huo kwamba anakupenda sana, naye amekujibu.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Usiitoe sentensi hiyo katika ujumbe wa kwanza kama afisa wa uhamiaji. Mtu hajakujua sauti na tayari anatakiwa ataje tarehe. Na kama mipaka yako imezidi mitano, yapitie tena mapendeleo yaliyovaa kanzu ya mpaka.

Jibu likiwa "si sasa"

Daftari halikuahidi kwamba utakuta ndoa ndani yake. Kaka mmoja wa Changamwe, fundi wa magari ya mizigo, alikuwa akijiambia anatafuta mke kwa miaka. Kurasa zake zilionyesha kwamba kila uhusiano ulipofika kwenye kupeleka posa, alianzisha ugomvi. Akifikiri ni uoga. Jumanne yake ikaonyesha hesabu: analipa karo ya wadogo zake wawili, mmoja chuo, mmoja sekondari, na katika Jumanne aliyoiandika wadogo walikuwa wamekwisha kumaliza. Alichokitaka ni mwenzi wa sasa na ndoa baada ya miaka minne. Hilo linasemeka. Kuna wanawake watakaolikubali, wengine hawatalikubali, na wote wawili wana haki ya kulisikia katika mwezi wa kwanza na si siku ya kuulizwa barua ya posa iko wapi.

Na "sijui" nalo ni jibu, mradi ulitamke lilivyo na uliwekee mwisho: "Sijui bado kama nataka ndoa, nitakuwa najua ifikapo Disemba, na nikijua mapema nitakwambia mapema." Ukishindwa kulisema hilo kwa mtu, basi ngoja kwanza, usijibu hizo salamu za usiku. Sentensi ya mtu aliyeoa, akaachana au akafiwa hubadilika haraka kuliko ya wengine, kwa hiyo mwenye hali hiyo airudie Jumanne yake kila baada ya miezi sita hivi. Wengine, kila uhusiano unapoisha, waongeze ukurasa mmoja wa maswali matano wakati meseji za mwezi wa kwanza zingali kwenye simu. Na daftari lenyewe, kama unaishi na mama, lifiche vizuri.